Godoro la Mama Mkwe

Kuna watu wamezaliwa kukubali, kuna watu wamezaliwa kukataa, na katikati yao yupo mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, ambaye kazi yake ni kukubali mwanzo wa sentensi na kukataa mwisho wake. Jina alilopewa na wazazi wake, ofisini wameshalisahau. Wanamwita Bi Lakini, na akiitwa anaitika.

Usimwonee huruma, jina lenyewe kalitafuta kwa tochi. Kila Jumatatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha ofisi ya ukanda maalumu wa kiuchumi, anasimama mbele ya wawekezaji wapya kuwaeleza neema zinazowasubiri nyuma ya ule uzio mrefu. Anaanza vizuri, sauti imelainika kama anabembeleza mtoto. "Mashine zenu zinaingia bila ushuru wa forodha," anasema. Watu wanatabasamu. "Vipuri vyake, bila ushuru. Malighafi, bila ushuru. Kodi ya faida ya kampuni, mnapewa miaka ya kupumua kwanza." Hapo utaona mtu na mwenzake wanagongana viwiko, mmoja keshaanza kujenga ghorofa kichwani. Bi Lakini anavaa miwani.

"Lakini," anasema.

Basi hapo ndipo ghorofa zinapoporomoka. Mashine iingie kwa kazi iliyoandikwa kwenye leseni, si kwa kazi nyingine. Umeomba kutengeneza ndoo, usije ukakutwa unakaanga karanga. Kazi ianze ndani ya muda uliopewa, maana kiwanja si pambo. Taarifa zipelekwe kila zinapotakiwa, tena za kweli. Leseni haiuzwi wala haiazimwi kwa binamu. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi wako iko palepale, haikusamehewa na mtu. Gari lako la kwendea harusini nalo ulipie kama wengine. Na hili la mwisho hulisema polepole, kidole kikielekea dirishani, kwenye geti: kilichoingia kwa msamaha, na kilichotengenezwa kwa malighafi ya msamaha, kikivuka geti lile kuja upande wetu kinahesabiwa kama kimetoka ng'ambo. Kitangazwe forodha, kilipiwe, ndipo kitoke.

"Ushuru haujafa, ndugu zangu," humalizia. "Umelala tu. Ukienda vizuri utaendelea kulala. Ukileta ujanja unaamka, na ukiamka unauliza ya jana na ya juzi."

Sasa katika kikao kimoja cha namna hiyo alikuwepo shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alikuwa anafungua kiwanda cha magodoro ya sponji humo ukandani, ya kuuza nje ya nchi. Bwana mkarimu kupita kiasi. Ukimsifia shati analivua. Siku hiyo alikaa nyuma, akasikia habari ya msamaha yote, akaisikia vizuri sana, na Bi Lakini alipovaa miwani yeye akafumba macho. Waliokaa karibu wanasema alikoroma kwa adabu, kwa chini chini.

Kiwanda kikaenda. Akina mama wa mtaani wakapata kazi ya kushona foronya, na mdogo wake Bi Lakini akawa msimamizi wao. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, nyumba ile ikawa inalala bila kugombana.

Jumapili moja Bi Lakini akaenda kumwona mama yake. Mama huyu, tangu binti zake wakiwa wadogo, alikuwa na mgongo. Watu wote wana mgongo, utasema. Huo wake ulikuwa mwanafamilia. Ulikuwa unaamua nani akaribishwe, lini watu waende harusini, na kama mkwe amependeza au hajapendeza. Bi Lakini alizoea kumkuta kaketi kibarazani kwenye kiti cha mbao, akilaani.

Siku hiyo kibarazani hapakuwa na mtu.

"Mama! Hodi! Uko wapi?"

"Pita, mwanangu! Niko juu!"

Nyumba yenyewe haina ghorofa. Bi Lakini akaingia chumbani, akamkuta mama yake kalala kwenye kitanda kilichopanda hadi usawa wa dirisha. Chini yake kulikuwa na godoro nene, jeupe, limejaa hata pembe zake zimesukuma kabati. Kigoda cha miaka yote kilikuwa kimeanguka pembeni, miguu juu.

"Amenipa mkwe wangu," mama akasema, akapapasa godoro kama anapapasa mjukuu. "Kaja nalo jana, limekunjwa limekuwa hivi tu, kama mkeka. Nikasema huyu mtoto ananitania. Akakata nailoni. Wee! Likaanza kupumua! Linavimba, linavimba, mimi narudi nyuma nasoma dua. Likampiga kigoda likamwangusha." Kigoda kwake kilikuwa mtu siku nyingi. "Nimelala usiku kucha. Mgongo leo haujasema kitu. Nimeuita, umekaa kimya!"

Bi Lakini alitaka kufurahi, na kweli alifurahi, machozi yakamlenga. Miaka mingapi hajamwona mama yake amenyooka? Ndipo jicho lake likaangukia lebo iliyoshonwa pembeni: KWA KUUZWA NJE YA NCHI TU.

Akakaa chini. Kigoda kilikuwa kimelala kwa hiyo akakaa sakafuni.

"Hata wewe umeiona?" mama akasema kwa fahari. "Nimewasomesha majirani wote. Wameona kwa macho yao kwamba ni la nje. Jirani wa hapa ukutani ameagiza la kwake, na shangazi yako mawili. Mkwe amesema hakuna shida, ataleta mojamoja."

Bi Lakini akatoka uani, akapiga simu.

"Shemeji, godoro la mama limetokaje getini?"

"Shem! Umeliona? Nililibana kwa mashine, likaingia kwenye buti. Mlinzi kaniuliza nini hicho, nikamwambia mkeka."

"Ulilitangaza forodha?"

"Forodha ya nini, shem? Sijauza! Hata shilingi sijapokea. Nimempa mama. Zawadi nayo ina ushuru?"

"Godoro halijui kama limeuzwa au limezawadiwa! Linajua limetoka!"

Shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "Hilo ulilisema lini?"

"Ulipokuwa unakoroma."

Na kibaya zaidi, kesho yake wakaguzi wa forodha walikuwa wanaingia kiwandani. Kazi yao ni kulinganisha: malighafi hii iliingia, magodoro haya yakatengenezwa, haya yamesafirishwa, haya yako ghalani. Godoro moja litapungua. Wataliuliza. Na Bi Lakini alimjua shemeji yake: mtu mwema asiyejua kudanganya lakini anayejaribu. Atasema limeliwa na panya. Hapo kosa la kutoa mzigo bila ruhusa litaongezewa la kutoa taarifa ya uongo, na kwa hayo mawili leseni imefutwa kwa watu wakubwa kuliko yeye. Leseni ikifutwa, msamaha umeondoka nao, na zile mashine zote zilizoingia bila ushuru zitadaiwa ushuru wake. Kiwanda kizima kitakwenda na godoro la mama mkwe. Akina mama wa foronya watarudi kukaa vibarazani. Na mdogo wake?

Mdogo wake alipiga simu dakika hiyohiyo, analia. "Dada, utamtia mume wangu matatani kwa ajili ya kitanda cha mama? Nyamaza tu! Nani atajua?"

"Mimi najua," Bi Lakini akasema. "Na nikijua nikanyamaza, kesho nitasimama mbele ya watu niwaambie nini?"

"Lakini dada..."

"Usilitumie neno langu."

Jambo lile lilimuumiza, tusimfanye jiwe. Alikaa kitandani kwake akajiuliza kama yeye ni mtu au ni kifungu cha sheria. Mtu mwingine angefurahi mama yake amepata usingizi, basi, yakaisha. Yeye katika furaha ya mama yake kaona lebo. Alijichukia kidogo, akalia kidogo, akapangusa miwani, akamwambia shemeji yake: kesho asubuhi, kabla wakaguzi hawajafika, tunakwenda wenyewe. Anayekiri kabla ya kukamatwa hupewa sikio. Anayekamatwa hupewa barua.

Asubuhi wakaenda. Kwanza Bi Lakini akaingia kwa mkuu wake, akasema wazi kwamba aliyekosa ni shemeji yake na mzigo uko kwa mama yake mzazi, kwa hiyo yeye faili hilo haligusi. Mkuu akamwangalia, akasema, "Kaa pembeni basi, kikao cha leo nitakiendesha mwenyewe. Lakini usiende mbali." Ndipo shemeji akapelekwa kwa Bwana Forodha.

Bwana Forodha ni mtu mwembamba, mrefu, anayetembea mkono mmoja kiunoni, na tangu ahamie ofisi ile hajawahi kuonekana meno. Watoto wa wafanyakazi waliambiwa hana. Alimsikiliza shemeji tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na habari ya mgongo wa mama mkwe, ambayo ilichukua muda.

"Umefanya vema kuja," akasema. "Haikufutii kosa, inakupunguzia. Utaandika tamko, utalipa ushuru na kodi yake kama bidhaa iliyoingia nchini, na faini juu. Mzigo uko wapi?"

"Kwa mama mkwe."

"Ulete. Mimi sikadirii nisichokiona. Aina gani, unene gani, uzito gani, nitajuaje?"

"Nitauelezea..."

"Ulete."

Haya sasa, hapo ndipo fundi wa magodoro alipokumbuka sifa ya kazi yake mwenyewe. Godoro la sponji ukilibana kwa mashine linakuwa mkeka. Ukishalifungua, mkono wa binadamu haulirudishi. Lilikwenda kwa mama mkwe ndani ya buti. Kurudi, gari lile lingeweza kuingia ndani ya godoro. Wakakodi mkokoteni.

Na mama? Mama alikuwa amelala juu yake, ameshika pembe mbili.

"Sitoki."

"Mama, ni la kukaguliwa tu, litarudi," shemeji akasihi, amepiga magoti.

"Miaka yote hii nimelia mgongo, serikali haijaja kuniuliza hali. Leo nimelala siku mbili tu inakuja kuuliza godoro!" Akamgeukia Bi Lakini aliyekuwa kasimama mlangoni. "Na wewe ndiye uliyewaita. Mtoto niliyembeba kwa mgongo huuhuu! Usiniite mama. Niite kama mnavyowaita wale wawekezaji wenu."

Bi Lakini akafungua mdomo, hakuna neno lililotoka, hata lile lake. Maneno yale yalimwingia kama mwiba, na jirani wa ukutani, ambaye alikuwa amekuja kulilia oda yake, anasema hajawahi kumwona Bi Lakini, na urefu wake wote, amekuwa mfupi vile.

Mwisho mama akatoa sharti. Godoro litakwenda, na yeye atakwenda nalo, juu yake, kwa sababu hawaamini. Wakavinyanyua vyote pamoja, godoro na mwenyewe na mto, wakaweka mkokotenini. Wakapita barabara kubwa hivyo. Mama akajifunika kanga hadi kidevuni, na kila aliyemsalimia akamwitikia kwa heshima, kama mtu aliye sebuleni kwake.

Getini mlinzi akasimamisha msafara. Akalitazama godoro, akamtazama shemeji.

"Bosi. Huu mkeka umenenepa."

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Mimi sisamehi, wanaosamehe wako ofisini." Akachukua kalamu. "Kinachoingia?"

"Godoro moja," akasema shemeji.

"Na mama mmoja," akasema mama. "Umwandike na yeye. Nisije nikaambiwa wakati wa kutoka kwamba nimetengenezwa humu."

Mlinzi akamwandika.

Bwana Forodha akatoka uani na tepu ya kupimia. Akamwamkia mama, shikamoo, kwa sauti ya mtu wa nyumbani kabisa, akamwomba ashuke. Mama akashuka upande mmoja akashika pembe, kwa usalama. Bwana Forodha akapima urefu, akapima upana, akasoma lebo mara mbili. Akabonyeza kwa kidole. Kidole kikazama, kikarudi. Akabonyeza kwa kiganja.

"Hivyo hutalijua," mama akamwambia. "Nakuona tangu ulipotoka mlangoni, mkono kiunoni. Mgongo huo?"

"Ni kukaa kitini tu, mama."

"Ndivyo ulivyoanza wangu. Lala."

"Mama, niko kazini."

"Si umesema hukadirii usichokiona? Godoro huonwa kwa mgongo. Lala!"

Nani amkatalie mama wa watu mbele ya watu? Bwana Forodha akavua viatu, akalala, ameshika tepu kifuani kama maiti aliyezikwa na mali yake. Akatazama mawingu. Uso ule ukaanza kulegea, kuanzia paji, ukashuka, na ulipofika mdomoni watu wakayaona meno yake kwa mara ya kwanza, yote, mazuri tu. Kisha akafumba macho.

Wakasubiri. Wakangoja tena. Shemeji akakohoa. Akina mama wa foronya wakachungulia madirishani mwa kiwanda, upande wa pili wa ua, mdogo wake Bi Lakini mbele yao, kiganja mdomoni.

"Mmeona?" mama akanong'ona, akimtazama binti yake kwa mara ya kwanza siku ile. "Kila Jumapili unaniambia ushuru haujafa, umelala tu. Huyo hapo."

Bi Lakini alijikaza. Akajikaza tena. Kikamtoka kicheko ambacho hakikuwa cha afisa hata kidogo, akainama, miwani ikaning'inia, na mama naye akashikwa, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni. Mkokoteni ukainuka upande wa pili. Ushuru ukaamka.

Na ukiamka, Bi Lakini alishawaambia, unauliza. Bwana Forodha akavaa viatu, akavaa uso wake wa zamani, akaenda mezani akakadiria godoro lile kuwa la daraja la juu kabisa, kwa kuwa sasa alikuwa na ushahidi wa mwilini. Shemeji akalipa ushuru, kodi na faini bila kunung'unika. Wakaguzi walipofika na kuuliza godoro linalopungua, likaonyeshwa lilipo, na karatasi zake, na mwenye nalo. Kutoka ofisi ya mkuu ikaja barua ya onyo: aweke utaratibu wa kuandika kila kinachotoka, ndani ya muda aliopewa, na ajieleze kwa maandishi. Akirudia, leseni itasimamishwa. Akikaidi baada ya hapo itafutwa, na msamaha wa mashine zote utarudi nyuma kudaiwa. Shemeji akaisoma yote, macho wazi. Siku hizi Jumatatu anakaa kiti cha mbele.

Mdogo mtu alimfuata dada yake nje, akasimama tu, asijue aanzie wapi. Akamshika mkono.

Mlinzi akaandika kinachotoka: godoro moja, limelipiwa, mama mmoja, aliyeingia nalo.

Mama sasa kaigongomea ukutani karatasi ya forodha, na mhuri wake, juu ya kitanda. Wageni huonyeshwa hiyo kwanza. Majirani waliotaka yao amewaambia waende kiwandani kwa njia ya haki, watangaze, walipie, la sivyo wakalale chini. Jirani wa ukutani alipojaribu kumbembeleza kwamba amwombee mkwe alete moja tu kwenye buti, kwa siri, mama alivaa miwani ya kusomea, ambayo hahitaji, akaanza kumweleza habari ya geti tangu mwanzo. Jirani alitoka pale jioni.

Jumapili iliyofuata Bi Lakini alikwenda, akasimama mlangoni mwa chumba. Hakujua kama amesamehewa. Kucheka pamoja ni kitu kimoja, kusamehewa ni kingine, na mama yule hasira zake zina kiporo.

"Shikamoo... mama?"

Mama akasogea ukutani, akaacha nafasi pana upande wa huku, akaipigapiga kwa kiganja.

"Marahaba. Umechoka, uso umekushuka. Tangu ulipokuwa mdogo unabeba mizigo ya watu wengine, nani alikutuma? Njoo ulale hapa na mama yako."

Bi Lakini akavuka chumba haraka, akaweka goti moja kitandani.

"Lakini," mama akasema, "vua viatu."